Tulipohesabu Saa za Wiki

Tunaandika wawili, mume na mke, kwa sababu ratiba tunayoisimulia hapa iliishi ndani ya nyumba moja na isingeweza kubebwa na mtu mmoja. Watoto wetu wanatuita Baba na Mama, na ndivyo tutakavyojiita katika ukurasa huu. Baba ana karakana ndogo ya useremala Kimara, Dar es Salaam, si mbali na nyumbani. Mama ni karani wa hesabu katika kampuni moja mjini. Yeye ndiye aliyeamua kusoma stashahada ya uhasibu kwa masomo ya jioni huku akiendelea na kazi.

Siku alipopata barua ya kukubaliwa tuliipeleka kwenye jumuiya yetu na wapendwa wakatuombea. Mzee mmoja wa kanisa akatuuliza, "Mmepanga?" Tukamjibu kwamba tumepanga. Tulimaanisha ada. Tulikuwa tumeweka akiba ya mihula miwili, tukajua nani atatukopesha tukikwama. Hatukujua kwamba fedha ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi.

Ratiba ya chuo ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 11:30 jioni hadi saa 2:30 usiku. Saa tatu kwa siku, saa 15 kwa wiki. Mama aliinakili kwenye karatasi ya manila, akaipaka rangi na kuibandika jikoni. Masomo rangi ya bluu, kazi nyekundu, kanisa kijani. Alikuwa mwimbaji wa kwaya wa miaka tisa, na mazoezi ya Jumamosi jioni yalibaki palepale. Yale ya Jumanne na Alhamisi aliandika kwamba atawahi nusu ya mwisho. Usiku, saa 4:30 hadi saa 6:30, aliandika "kujisomea". Alfajiri akaandika "kuamka saa 10". Tuliitazama karatasi ile tukaridhika nayo, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimepata chumba chake.

Karatasi haikuonyesha barabara. Haikuonyesha kwamba mwalimu akimaliza saa 2:30 usiku, mwanafunzi hafiki nyumbani saa 2:30. Alikuwa anafika saa 4, na kwaya ya nusu ya mwisho ilikuwa imeshafunga kanisa na kwenda kulala.

Majuma mawili ya kwanza yalikwenda kwa nguvu ya upya wa jambo. Juma la tatu tukaanza kuona dalili, ila hatukujua kwamba ni dalili. Mama alikuwa akirudi na daftari ambalo mistari ya mwanzo imeandikwa vizuri, kisha maandishi yanateleza kwenda chini, kisha hakuna kitu. Alikuwa amesinzia akiwa ameshika kalamu. Usiku akifungua kitabu, alisoma ukurasa uleule mara tatu na akiulizwa umesema nini hajui. Tulidhani ni uvivu wa mwili unaohitaji kukemewa. Tukaongeza kahawa, tukaongeza na maombi.

Juma la sita mambo matatu yalitokea karibu kwa pamoja. La kwanza, kazini, Mama aliingiza ankara moja mara mbili na msambazaji akalipwa mara mbili. Yule mtu alikuwa mwaminifu, alirudisha fedha, lakini barua ya onyo iliandikwa kama kawaida. La pili, majibu ya jaribio la kwanza yalitoka, na katika masomo matano alikuwa ameanguka matatu. La tatu lilituumiza zaidi. Mdogo wetu, wakati huo ana miaka mitatu, alishikwa na homa Jumanne. Mama alifahamu Alhamisi. Baba alikuwa amempeleka zahanati na kumpa dawa. Mama alikuwa akiingia mtoto amelala, akitoka mtoto hajaamka, na siku zote mbili alimfunika shuka bila kumgusa paji la uso.

Baba naye hakuwa mkamilifu katika hili. Alikuwa na manung'uniko ambayo hakuyasema. Aliposema Alhamisi ile, "Nilidhani utaona mwenyewe," haikuwa taarifa, ilikuwa shtaka. Tulilala bila kusalimiana. Ijumaa Mama alisema anaacha chuo.

Jumamosi usiku, watoto wamelala, tulikaa mezani. Tulikumbuka yule mtu katika Injili ya Luka, sura ya 14, anayeketi kwanza kuhesabu gharama za mnara kabla ya kuujenga. Tulikuwa tumehesabu gharama zile zinazolipwa kwa fedha tu. Baba akachukua daftari la mbao na misumari, akaandika juu ya ukurasa: 168. Hizo ndizo saa za wiki nzima, mchana na usiku, siku saba mara saa 24. Akasema tuzitoe moja moja kama mtu anavyokata ubao, maana ubao ukishaisha hauongezeki kwa kutamani.

Tulianza na usingizi, saa saba kwa siku: 49. Kazi ilikuwa saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni kwa siku tano, pamoja na saa moja ya chakula, na Jumamosi hadi saa 7 mchana: 50. Kwa saa za kazi zenyewe ni 45, ambacho ndicho kiwango cha juu cha kawaida katika sheria ya kazi ya Tanzania, lakini ile ya chakula nayo unakuwa huko huko, hivyo tuliihesabu. Barabara, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi kwa siku sita, na nusu saa kutoka kazini hadi chuoni kwa siku tano: 20 na nusu. Darasani: 15. Kuoga, kula, kufua na mambo ya mwili na nyumba, saa mbili kwa siku: 14. Ibada ya Jumapili pamoja na kwenda na kurudi: 4.

Jumla ilikuwa 152 na nusu. Zikabaki saa 15 na nusu za wiki nzima. Kwaya ilikuwa haijaingia, wala mgonjwa, wala msiba, wala hata dakika moja ya kukaa na mtoto.

Kisha Mama akaleta kijitabu cha kozi, ambacho tangu mwanzo alikuwa amesoma ukurasa wa ada tu. Kila somo lilikuwa na krediti 12, na kijitabu kilieleza kwamba krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Saa hizo si za darasani peke yake. Ni darasa, kusoma mwenyewe, mazoezi, kazi za kuandika na kujiandaa na mtihani, vyote pamoja. Somo moja basi ni saa 120. Masomo matano ni saa 600. Muhula ulikuwa na majuma 15 ya masomo, na 600 ukizigawa kwa 15 unapata 40.

Tulinyamaza kidogo. Ubao wa matangazo ulikuwa umeandika saa 15 kwa wiki, na hakuna aliyetudanganya, maana ubao ule ni wa kuonyesha vyumba vya madarasa. Lakini masomo yenyewe yalikuwa saa 40. Baada ya kutoa za darasani, Mama alidaiwa saa 25 za kujisomea kila wiki, na wiki nzima ilikuwa imebakiza 15 na nusu. Tulipojaribu kuhesabu alizokuwa anasoma kweli, ukiondoa kusinzia, hazikufika saba. Kwa hiyo hakuanguka kwa sababu ya akili ndogo au imani ndogo. Alikuwa ameajiriwa kazi mbili za kutwa nzima bila kujua.

Hapo ndipo tulipoacha kuuliza "tutajitahidi vipi zaidi" tukauliza "tupunguze nini". Usingizi tuliukataa kuguswa, kwa sababu ule ulioibiwa ndio ulioleta ankara mbili. Kazi haikupunguzika, ndiyo iliyolipa ada. Barabara si yetu. Kilichobaki ni idadi ya masomo.

Mama alimaliza muhula ule kama ulivyokuwa, akafaulu masomo matatu na kubaki na mawili ya kurudia. Kisha akaenda ofisi ya usajili kuuliza kama inawezekana kusoma masomo matatu kwa muhula badala ya matano. Inawezekana, aliambiwa, ila vyuo havifanani katika hili na fomu ina tarehe ya mwisho, kwa kawaida mwanzoni mwa muhula. Stashahada ile ilikuwa na masomo 20 kwa mihula minne. Yalibaki 17, na kwa matatu matatu yanahitaji mihula sita mingine. Miaka miwili ikawa mitatu na nusu. Mama alilia aliposikia, na hatutaki kuficha hilo. Wenzake aliofungua nao chuo wangevaa joho kabla yake.

Hesabu mpya ilikuwa hivi. Masomo matatu ni saa 360, yaani saa 24 kwa wiki kwa majuma 15. Madarasa yaliangukia Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, jumla saa tisa. Zilibaki 15 za kujisomea, na safari hii tulizitafutia mahali moja moja, kwa saa ya kweli na kiti cha kweli.

Jumanne na Ijumaa Mama anafika nyumbani saa 12:30 jioni. Hadi saa 2:30 usiku yupo na watoto: kuoga, kula, kukagua daftari la mkubwa wetu wa darasa la pili. Saa 2:30 hadi 4:30 anasoma. Hizo ni saa nne. Jumamosi akitoka kazini saa 7 mchana anakula, kisha anaingia maktaba ya chuo saa 8 hadi saa 12 jioni. Hapo ni nne nyingine, na ndizo bora kuliko zote, kwa sababu hesabu za uhasibu zinataka meza pana na muda usiokatwa. Swali moja la kuandaa hesabu za mwisho wa mwaka linaweza kula saa nzima. Ukilikatisha katikati, kesho unaanza upya.

Nusu saa ya mapumziko ya mchana, siku nne, inaleta saa mbili. Za mwisho ni za basi. Kimara ni mwanzo wa njia ya mwendokasi, hivyo anayewahi foleni anaweza kupata kiti, na nusu saa ya kukaa kwa siku sita ni saa tatu. Lakini tulijifunza kwamba saa ya basi si sawa na saa ya maktaba. Kwenye basi Mama alisoma kanuni, maana ya maneno na orodha alizokwisha kuelewa, zilizoandikwa kwenye vikaratasi. Jambo jipya halikuingia kichwani ndani ya basi hata mara moja.

Ukijumlisha, ni saa 13. Tulipungukiwa mbili kila wiki. Zamani tungesema ataamka alfajiri. Safari hii tulizidisha mara majuma 15, tukapata saa 30, tukauliza saa hizo 30 zinaweza kutoka wapi. Zilitoka kwenye likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, na mwajiri alikubali kumgawia. Mama alichukua siku saba kabla ya mitihani ya kila muhula, akasoma saa tano kwa siku sita, asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Siku 14 za mwaka zilikwenda hapo. Desemba hatukusafiri kwenda kwa wazazi kwa majuma matatu kama tulivyozoea. Tulikaa juma moja, tukawaeleza, wakatuelewa kwa shingo upande.

Usingizi nao tuliuhesabu upya. Siku za kazi Mama analala saa 4:45 usiku na kuamka saa 11:15 alfajiri, saa sita na nusu. Jumamosi na Jumapili analala saa nane. Inafika 48 na nusu. Si nyingi, ila ni za kweli, na kalamu iliacha kuteleza.

Kwaya ilituumiza kwa namna nyingine. Mazoezi yalikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi jioni, na hakuna hata moja lililoingia. Kwa miezi Mama alikuwa akikosa bila kusema, kisha anajitokeza Jumapili na kusimama mstari wa nyuma akifungua mdomo kwa nyimbo asizozijua. Tulikwenda wote wawili nyumbani kwa mwalimu wa kwaya. Mama akasema anaomba kupumzika wakati wa mihula na kurudi kila likizo ya chuo. Tulitarajia lawama. Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, afadhali utuage kuliko ututoroke. Ukitoroka hatujui tukuombee nini." Tulitoka pale wepesi. Jumuiya Baba ndiye anayehudhuria kwa niaba ya nyumba.

Jumapili tuliifunga. Baada ya ibada hakuna kitabu. Tulikuwa tumeiangalia mwanzoni kama ghala la saa, mchana mzima umelala pale, na kishawishi kilikuwa kikubwa. Lakini hizo ndizo saa pekee za wiki ambazo mdogo wetu anampata mama yake kuanzia mchana hadi usiku. Tuliona pia kwamba Jumatatu baada ya Jumapili ya kupumzika Mama alikaa darasani macho. Amri ya kupumzika tulikuwa tunaifahamu tangu Shule ya Jumapili. Hatukuwa tumewahi kuijaribu kwa kalamu na daftari.

Upande wa Baba nao ulihitaji kuandikwa, maana ratiba ya mwanafunzi ikibandikwa peke yake inamfanya mwenzake aonekane kama ukuta. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi Baba anafunga karakana saa 11:30 jioni, anachukua watoto, anapika. Siku hizo hapokei kazi ya kupeleka samani jioni. Kuna wateja waliokwenda kwingine, na tuliandika pengo hilo kama sehemu ya ada, kwa sababu ndivyo lilivyo. Manung'uniko ya Baba yalipungua tangu siku hasara yake ilipoandikwa kwenye daftari lilelile.

Ratiba hii nayo inavunjika. Mwisho wa mwezi ofisi za hesabu hufunga vitabu na Mama huchelewa. Hilo linajulikana mapema, kwa hiyo juma hilo hatuandiki kujisomea kwa Jumanne, na mwanafunzi mwenzake anampatia maelezo ya kipindi atakachokosa. Masika nayo, siku bonde la Jangwani linapojaa maji, mabasi ya mwendokasi husimama na Mama anaweza kufika nyumbani saa 6 usiku. Tumejiwekea kanuni moja kwa siku za namna hiyo: kilichopotea hakilipwi kwa usingizi wa usiku ule. Kinasubiri Ijumaa. Ijumaa ikijaa, kinakwenda kwenye lile juma la likizo. Kikipotea majuma mawili mfululizo, tunakaa tena mezani, maana hapo si bahati mbaya tena, ni hesabu iliyokosewa.

Kila Jumapili usiku tunakaa dakika 10 na daftari. Tunapiga mstari saa zilizofanyika, tunaacha wazi zisizofanyika. Hatukemeani. Kuna majuma yana saa tisa kati ya 13, kuna majuma yana zote. Mama sasa yuko muhula wa tano. Hajarudia somo lolote tangu apunguze, na zile mbili za mwanzo amezimaliza. Wenzake aliofungua nao walihitimu mwaka jana. Tulikwenda kwenye mahafali yao, akawapigia vigelegele, na njiani kurudi alikaa kimya hadi Ubungo.

Kijana mmoja wa usharika wetu alikuja mwezi uliopita na barua yake ya kukubaliwa chuo, masomo ya jioni. Anafanya kazi ya ulinzi wa zamu. Alitaka tumwombee. Tulimwombea, kisha tukamwomba kijitabu cha kozi na orodha ya zamu zake, Baba akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika juu yake 168.